"Majani yanageuka manjano, niweke mbolea gani?"

Ujumbe ulinifikia jioni moja ya Aprili, mvua ikipiga mabati huku Bagira, mjini Bukavu: "Mtoto wangu, majani yanageuka manjano. Niweke mbolea gani?" Alikuwa shangazi yangu, anayelima upande wa Walungu. Kwa kuwa nilisoma kilimo, ukoo mzima umenifanya duka la dawa: mtu anataja homa, anangoja kidonge.

Shangazi ana maharagi, ana mahindi, ana mihogo, ana na ndizi nyuma ya nyumba. Majani ya nini, hakusema. Na ujumbe wake si wa ajabu. Hivyo ndivyo karibu wote wanavyouliza, na nyuma ya swali la namna hiyo kuna mambo kadhaa ambayo watu wanayaamini bila kuyasema. Nitayachukua kwa kufuata maharagi yake, maana ndiyo yaliyokuwa yanaumwa.

Dhana: manjano ni njaa, na njaa inatibiwa na mbolea

Shangazi alikuwa ameshaamini hivyo kabla ya kuniandikia. Siku hiyohiyo, sokoni, muuzaji alimpimia kilo 5 za yurea, mbolea ya naitrojeni, naye hakumuuliza ni za zao gani.

Ukweli ni kwamba jani la haragi linageuka manjano kwa sababu nyingi, na nyingine mbolea haizigusi kabisa. Naitrojeni ikipungua, mmea unaivuta kutoka majani ya zamani na kuipeleka kwenye majani machanga, kwa hiyo manjano huanzia chini na jani lote hufifia sawasawa. Chuma kikikosekana, mambo hugeuka: jani changa la juu ndilo linalopauka, mishipa yake ikibaki kijani. Majani yenye mabaka ya kijani na manjano yaliyojikunja ni ya virusi, na hayo hayana mbolea wala dawa. Halafu kuna mmea ambao chakula kimejaa udongoni lakini mizizi imeoza, haiwezi kunywa. Huo nao huanza manjano chini, sawasawa na wenye njaa. Ukiutazama kwa juu tu, utadanganyika.

Ndiyo maana nilimpigia simu, na swali langu la kwanza halikuwa la majani. Nilimuuliza: "Shangazi, ni shamba lote, au ni sehemu?"

"Ni kule chini, karibu na mfereji. Huku juu yako mazuri. Mazuri tu."

Hapo nilishaanza kuitilia shaka yurea. Udongo uliochoka huonyesha uchovu wake karibu shamba zima. Ugonjwa wa mizizi hukaa kwa mabaka, hasa pale maji yanapotuama. Inzi wa maharagi naye hachagui bonde: hupiga mmea mmoja hapa, mwingine pale, mara nyingi katika wiki za mwanzo, na huwapata zaidi waliochelewa kupanda.

Dhana: picha inatosha

Alinitumia picha tatu. Zote zilikuwa majani, moja ikiwa na kidole chake nusu. Sikuweza kusema lolote kwa hizo, na sidhani kuna anayeweza. Kwa maharagi ya manjano, jibu liko chini ya ardhi.

Nilimwomba asubuhi ang'oe mimea mitatu ya kule chini na miwili ya juu. Asiivute kwa mkono, kwa sababu mizizi iliyooza hukatika na kubaki udongoni, halafu mtu anadhani mmea haukuwa na mizizi. Achimbe kwa jembe pembeni, ainue na bonge lake, aoshe taratibu kwenye ndoo. Kisha aangalie mambo matatu.

Kwanza shina, pale linapoingia ardhini. Likiwa limevimba na kupasuka, ukibandua ganda lake ukakuta vidude vidogo vya kahawia kama punje za wimbi, huyo ni inzi. Pili mizizi yenyewe: iliyo hai ni myeupe na migumu, iliyooza ni ya kahawia, laini, na ukiibana kwa vidole ganda lake linateleza kama soksi. Tatu vinundu vya kwenye mizizi. Haragi hujitengenezea naitrojeni kwenye vinundu hivyo, akisaidiwa na bakteria. Kikate kwa ukucha. Rangi ya waridi au nyekundu ndani inaonyesha kwamba kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakikulishi kitu.

Majibu yalikuja saa tatu. Mimea ya juu: mizizi myeupe, vinundu vyekundu. Ya chini: shina halijavimba, mizizi ya kahawia, ganda linateleza, vinundu viwili vitatu tu. Kuoza kwa mizizi. Katika milima yetu ugonjwa huu unaletwa mara nyingi na vimelea vya udongoni viitwavyo pithiamu, ambavyo hupenda udongo uliolowa na mahali ambapo haragi limefuata haragi mwaka baada ya mwaka. Kuhusu hilo la pili, shangazi alicheka. "Mimi hapo nimepanda maharagi tangu mama yako hajaolewa."

Dhana: mvua ilikuwa nzuri, basi mvua haihusiki

Hapa nitakuwa mfupi. Mkulima wa Kivu akisema mvua nzuri, ana maana kwamba ilikuwa nyingi. Anayejibu anataka kujua ilinyesha lini na maji yalienda wapi. Sezoni B yetu inapandwa kuanzia Februari, na inaivia kuelekea kiangazi cha Juni. Shangazi alipanda katikati ya Machi, kwa hiyo mizizi ilikuwa michanga bado wakati maji ya Aprili yalipojaa kule chini. Alipoambiwa ahesabu, alisema maji yalisimama karibu na mfereji siku tatu mfululizo. Angeniandikia sentensi hiyo moja tangu mwanzo, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

Dhana: udongo wa kwetu unajulikana

"Wewe si unajua udongo wetu?" Naujua kidogo, na kadiri ninavyoujua ndivyo ninavyokataa kujibu kwa jumla. Mashamba mengi ya Walungu ni udongo mwekundu, mzee, wenye asidi. Sehemu za Kabare, upande wa Mulungu, zina udongo wa volkeno ambao bado una nguvu. Ukishuka bonde la Ruzizi, joto ni jingine, mvua ni kidogo zaidi, na kuna mahali udongo una chumvi. Shauri la mtu wa Ruzizi kuhusu manjano linaweza kumharibia mtu wa Walungu sezoni nzima.

Asidi nayo inastahili neno lake. pH, kipimo ambacho hushuka asidi inapozidi, ikifika chini ya 5.5 hivi, aluminiamu ya udongoni huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Fosforasi hushikwa na udongo, na vinundu hupungua. Mihogo na chai huvumilia, haragi halivumilii. Hapo dawa ni chokaa ya kilimo pamoja na samadi, na kiasi cha chokaa hakijulikani kwa macho, ni lazima udongo upimwe. Majivu ya jikoni yanasaidia, ila ya nyumba moja hayatoshi shamba; yanatosha bustani. Kwa shangazi niliiondoa asidi kwenye orodha kwa sababu moja: mimea ya juu, kwenye udongo uleule mwekundu, ilikuwa na vinundu vyekundu.

Dhana: ukubwa wa shamba ni habari ya mwenye shamba

Hili linaeleweka. Huku kwetu, anayeuliza ukubwa wa shamba lako huenda anatafuta ardhi, au kodi. Hata shangazi, damu yangu, alinijibu "si kubwa, si dogo." Ila bila ukubwa, kila kipimo cha mbolea ni bahati nasibu.

Nilimwambia alipime kwa miguu. Hatua 28 kwa 16. Hatua ya mtu mzima tuiweke sentimita 75: ni mita 21 kwa 12, yaani mita za mraba 252. Hekta ni mita za mraba 10,000, kwa hiyo shamba lake ni kama fungu moja kati ya 40. Ukisikia redioni "mfuko mmoja wa kilo 50 kwa hekta", yeye anahitaji kilo moja na robo. Sasa rudi kwenye zile kilo 5 za yurea: angezimwaga zote, ingekuwa sawa na mifuko 4 kwa hekta. Hiyo, ikimwagwa mara moja, ni nyingi hata kwa mahindi. Kwa haragi ni mbaya zaidi, kwani likipata naitrojeni ya bure linaacha kutengeneza vinundu na kukimbilia majani. Na punje za yurea zikirundikwa karibu na shina changa huliunguza. Angeharibu ile sehemu ya juu iliyokuwa nzima.

Nilichomwambia afanye kilikuwa cha jembe tu. Achimbe mfereji mdogo juu ya sehemu iliyolowa, maji yapite pembeni. Mimea iliyo hai bado, aiinulie udongo mpaka karibu na majani ya kwanza, kwa sababu haragi linaweza kutoa mizizi mipya juu ya ile iliyooza. Iliyonyauka kabisa aing'oe. Asinunue dawa ya kunyunyizia majani, haifiki kwenye mizizi. Haikuokoa vyote: kule chini kabisa kulibaki mashimo matupu, na mstari uliofuata ulitoa maganda mafupi. Vimelea hivyo hukaa udongoni miaka, kwa hiyo nilimwambia sezoni A sehemu hiyo iende mahindi, na maharagi yakirudi siku moja, yapandwe juu ya matuta, na samadi iliyoiva.

Septemba akapanda mahindi kule chini, theluthi ya shamba. Mwisho wa Oktoba yalipofika magotini, alinipigia: ile yurea aliyoificha chini ya kitanda imeganda kama jiwe, je, imekufa? Haijafa, imenyonya unyevu. Aiponde, aiweke upana wa kiganja kimoja mbali na shina, aifukie, na siku hiyo udongo uwe na maji. Tukahesabu pamoja kwenye simu, na hesabu ikatoa pungufu ya kilo moja. Nne zilizobaki ziko kwenye ndoo yenye mfuniko, na bado ananilaumu mimi kwa bei aliyolipa.