Kwa nini kichanga hurusha mikono ukimlaza ghafla?

"Mwanangu ana wiki tatu. Kila nikimlaza anatupa mikono kama anaanguka, halafu analia. Mama mkwe anasema ni degedege. Ni kweli?"

Hapana. Ni sikio linalomdanganya. Ndani kabisa ya sikio kuna vifuko na mirija myembamba yenye majimaji, kazi yake ni kupima mwendo wa kichwa. Kichwa kikishuka ghafla, hata sentimita chache tu, habari hukimbia hadi kwenye shina la ubongo: tunaanguka! Amri inarudi moja kwa moja kwenye misuli, kwani sehemu za juu za ubongo, ambazo baadaye zitaituliza, bado hazijakomaa.

Siku nyingine mtazame vizuri. Kwanza mikono inafunguka pembeni na vidole vinatanuka. Kisha mikono inarudi kifuani taratibu, kama anayekumbatia mtu. Kilio ndicho hufuata. Daktari wa watoto Ernst Moro, wa Heidelberg, Ujerumani, alieleza jambo hili mwaka 1918, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Yeye aliona ni mabaki ya zama za mababu, mtoto alipolazimika kumng'ang'ania mama kama tumbili. Dhana nzuri, ingawa ni vigumu kuithibitisha.

Wakunga na madaktari hulitumia kumkagua mtoto, na kinachotafutwa ni ulinganifu. Chukua mtoto mkubwa ambaye bega lilikwama wakati wa kuzaliwa. Akishtuliwa, mkono wa kulia unafunguka, wa kushoto umelala tu. Huenda mtulinga umevunjika: ukigusa hapo analia, na baada ya siku kadhaa unapapasa kinundu. Mfupa huo kwa kawaida huunga wenyewe. Au mishipa ya fahamu ya bega imevutwa: mkono unaning'inia, umegeukia ndani, kiganja kikitazama nyuma. Huyo anahitaji kufuatiliwa hospitali mapema. Asiyeshtuka kabisa, mikono yote miwili, naye achunguzwe.

Sasa degedege la mama mkwe. Mshtuko huu una sababu unayoiona, yaani umemlaza, na ukishapita umepita. Mitukutiko ya kifafa cha watoto wachanga huja bila kuguswa, mara nyingi mtoto anapoamka, mmoja baada ya mwingine kila sekunde chache. Tena huanza zaidi kuanzia mwezi wa tatu hivi, wakati mshtuko wa kawaida unafifia. Ukiona mfululizo huo, mrekodi kwa simu na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na kama mshtuko wa kawaida bado upo baada ya miezi sita, mwambie daktari.

Kwa leo, badili namna ya kumlaza. Inama naye akiwa amekugusa kifuani, tanguliza makalio, kisha mgongo, kichwa kiwe cha mwisho. Usiondoe mkono haraka chini ya kisogo. Na ule mwingine uache kifuani pake mpaka apumue kwa utulivu.