Besti fiti siyo besti yako

Wiki hii nimeulizwa tena. Dogo mmoja anasoma kompyuta Mbeya mjini, kaja Mafinga likizo, anaangalia kodi ya programu yangu ya kifaa cha kupima joto, ananiambia "kaka, hapa kwenye memori si ungeweka tu besti fiti, ile haipotezi nafasi". Nikamuuliza nani kasema. Akasema si jina lenyewe linasema. Sasa huyu ni wa tatu tangu mwaka uanze, na wawili wa kwanza walikuwa watu wazima wenye ajira, kwa hiyo leo naandika ili wa nne nimtumie linki tu nirudi kwenye kazi zangu.

Mi naelewa imani hii inatoka wapi, hasa kwa sisi wa huku kwenye mbao. Jirani yangu ni seremala, akitaka kipande cha futi 5 hawezi kuigusa mbao nzima ya futi 12, anachambua kwenye mabaki hadi apate cha futi 5 na nusu, anakata, ile nusu inaenda jikoni kuwa kuni. Hiyo ndo besti fiti, programu ikiomba memori, chukua pengo dogo kuliko yote linalotosha. Festi fiti ni mtu mvivu, anaanza mwanzo wa rundo, kipande cha kwanza kinachotosha anakikata, hajali mbele kuna nini. Ukiangalia hivyo lazima umwone seremala ana akili na yule mvivu anaharibu mali. Ila kuna kitu seremala hawezi kufanya na memori inaweza: mbao mbili zilizokatwa haziungani zikawa moja, mapengo mawili ya memori yaliyopakana yanaungana. Ishikilie hiyo, ntairudia.

Kwanza hesabu ndogo. Tuseme memori imebaki na mapengo mawili tu, la 20 KB halafu mbele yake la 18 KB, katikati kuna kitu kinatumika. Yanakuja maombi matatu kwa mpangilio huu: 14, 16, kisha 5. Jumla 35, tunazo 38, kwa hiyo kwa macho inatosha.

```
ombi     festi fiti    besti fiti
mwanzo   [20] [18]     [20] [18]
14       [6]  [18]     [20] [4]
16       [6]  [2]      [4]  [4]
5        [1]  [2]      imekwama
```

Soma upande wa kulia taratibu. Ombi la 14 likaenda kwenye 18 kwa sababu linabana zaidi, likaacha 4. Ombi la 16 halina pa kwenda ila kwenye 20, nalo likaacha 4. Sasa una 8 KB ziko wazi na ombi la 5 linakataliwa. Yule mvivu upande wa kushoto kapitisha yote matatu. Hiki ndo kinachoniudhi kwenye ile kauli ya "haipotezi nafasi", kwa sababu besti fiti inaacha baki dogo kuliko yote kila inapokata, na baki dogo kuliko yote ndo baki lisilofaa kitu. Kubana vizuri leo ni kutengeneza makombo ya kesho.

Usianze kushangilia sasa, maana naweza kukugeuzia meza. Mapengo yaleyale 20 na 18, maombi yawe 17 kisha 19. Festi fiti inaikata 20 kwa ajili ya 17, halafu 19 inakosa. Besti fiti inaweka 17 kwenye 18, 19 kwenye 20, safi kabisa. Kwa hiyo mfano mmoja hauthibitishi kitu, na mwalimu anayekupa mfano wa upande mmoja tu kakudanganya. Mwaka 1998 watafiti Johnstone na Wilson walichukua programu halisi za C na C++ wakapima, wakakuta besti fiti na ile festi fiti inayofuata mpangilio wa anwani zote mbili zinapoteza kidogo sana, hazina tofauti ya kugombania. Mi mwenyewe kabla ya kuyajua hayo nilikuwa nawaambia watu besti fiti ni mbaya, full stopu, kwa kujiamini kabisa. Nilikuwa nakosea kama huyu dogo, ila upande wa pili.

Sasa kile kifaa. Kilikuwa kwenye kiwanda cha chai huku Mufindi, kifaa kinapima joto na unyevu kwenye sehemu ya kukaushia majani kisha kinatuma ujumbe kwa laini ya simu, jumbe za urefu tofauti tofauti, nyingine baiti 90, nyingine zaidi ya 1000. Kinafanya kazi siku kumi hivi kinaganda. Wanazima wanawasha, kinakaa siku kumi tena. Walinambia ni umeme, nikaamini maana huku umeme unasingiziwa kila kitu. Nilipokaa nacho mezani nikaona `xPortGetFreeHeapSize()` inasema kuna kama 9 KB wazi, halafu ombi la 2 KB linarudisha `NULL`. Jumla ya nafasi wazi haikwambii kitu, unachotaka kujua ni pengo kubwa kuliko yote lina ukubwa gani. Nikaweka hiki:

```c
size_t n = 8192;
void *p = NULL;
while (n >= 64 && (p = pvPortMalloc(n)) == NULL) n /= 2;
vPortFree(p);
```

(Kama umewasha `configUSE_MALLOC_FAILED_HOOK` izime kwanza, mi nilisahau, kifaa kikawa kinajiristati kila nikipima.) 2048 ikakataa, 1024 ikakubali. 9 KB wazi zote zimemeguka makombo.

Kumbe nilikuwa natumia `heap_2.c` ya FreeRTOS, ule mfumo endeshi wa vifaa vidogo, na hiyo `heap_2.c` inatumia besti fiti. Orodha yake ya mapengo imepangwa kwa ukubwa, dogo mbele kubwa nyuma, kwa hiyo kupata linalobana ni rahisi, ukikutana na la kwanza linalotosha ndo hilohilo. Shida ni kwamba kipande kikirudishwa kinaingizwa kwenye orodha kwa ukubwa wake, jirani yake kwenye orodha siyo jirani yake kwenye memori, na `heap_2.c` haihangaiki kuwatafuta waungane. Ukishakata kipande kikawa kidogo, kitabaki kidogo mpaka uzime umeme. Yaani imefanya memori iwe mbao! Nikahamia `heap_4.c`, ambayo ni festi fiti, orodha imepangwa kwa anwani, kwa hiyo kipande kikirudi kinaangalia aliye kabla na aliye baada, kama wamegusana wanaunganishwa palepale. Tangu hapo hakijaganda. Na `vPortGetHeapStats()` inafanya kazi hapo, inakupa pengo kubwa kuliko yote bila ile kodi yangu ya kienyeji.

Ila nisikudanganye, sijui kama ni festi fiti iliyonisaidia. Nilibadilisha vitu viwili kwa mpigo, jinsi ya kuchagua pengo na kuunganisha majirani, na nikiwekewa dau ntasema kuunganisha ndo kulifanya kazi yote. Besti fiti inayounganisha huenda ingenitosha vilevile. Watu wanabishana besti au festi wakati swali la kuuliza ni ukirudisha kipande kinakutana na jirani yake au hakikutani.

Hapo ndo badi sistimu inapokuja, njia nyingine ya kugawa memori, maana yenyewe imejengwa juu ya hilo swali, kila kipande kina pacha mmoja tu na kinaungana na huyo tu. Ukubwa wote ni 1, 2, 4, 8 kwenda juu, ukiomba kitu cha katikati unapandishwa. Chukua 64 KB, maombi yetu yaleyale. A anataka 14, anapandishwa 16: 64 inapasuliwa 32 na 32, ya kwanza inapasuliwa 16 na 16, A anakaa 0 hadi 15. B anataka 16, anakaa 16 hadi 31. C anataka 5, anapewa 8: ile 32 ya pili inapasuliwa, kisha inapasuliwa tena, anakaa 32 hadi 39. Zimebaki 8 inayoanzia 40 na 16 inayoanzia 48. Aje D anataka 17. Kuanzia 40 hadi 63 kuna 24 KB mfululizo, hakuna mtu kakaa, lakini D anahitaji 32 nzima kwa hiyo anarudishwa. Wanafunzi hapo huwa wanagoma kabisa.

Wagomee na hili. Mwache A akae, B na C waondoke. C anaungana na 8 ya 40 wanakuwa 16, hiyo inaungana na ya 48, inakuwa 32 inayoanzia 32. B anabaki peke yake na 16 yake hapo 16 hadi 31, na kamgusa kabisa huyo jirani wa 32, bega kwa bega, ila hawaungani, maana pacha wake ni A. Pacha hachaguliwi kwa kugusana, anapatikana kwa hesabu:

```c
pacha = anwani ^ ukubwa;
```

Hiyo ^ ni XOR, siyo kipeo: 16 ^ 16 ni 0, kwa A. Mstari mmoja, hakuna kutembea kwenye orodha kutafuta jirani, na ndo sababu Linux inagawa kurasa zake kwa njia hii, ukiwa na mashine fungua `/proc/buddyinfo` uone, safu ya kushoto ni vipande vya ukurasa mmoja, kila safu kulia ni mara mbili ya iliyotangulia. Kushoto kumejaa namba na kulia ni sifuri tupu, ujue imemeguka.

Dogo baada ya kusikia hayo yote akauliza, "basi kaka si tuweke badi kwenye kifaa?" Nikampa karatasi. Ujumbe wa baiti 1100 unapandishwa 2048, hipu yangu, yaani memori yote ya kugawa, ni 20 KB, zinaingia 10. Kwa `heap_4.c` ujumbe uleule na kichwa chake cha baiti 8 unakula kama 1112, zinaingia 18. Akahesabu mara mbili, akaniomba chaji.