Asilimia 20 ya kinu cha amonia si hasara ya asilimia 80

Kila mazungumzo ya mbolea yakifika kwenye viwanda, kuna atakayesema kwamba mchakato wa Haber na Bosch wa kutengeneza amonia una ufanisi wa asilimia 20 hivi, na gesi nyingine yote inapotea. Tarakimu ni ya kweli. Kinachofuata baada ya koma ndicho si kweli.

Nitrojeni moja na haidrojeni tatu hutoa amonia mbili: N₂ + 3H₂ → 2NH₃. Mmenyuko huu hutoa joto, kwa hiyo joto likizidi amonia huvunjika tena. Likipungua sana, kichocheo cha chuma hakifanyi kazi. Viwanda huendesha kinu kwenye nyuzijoto 400 hadi 500 hivi, chini ya shinikizo kubwa, na gesi ikipita mara moja hubadilika kiasi cha asilimia 15 hadi 25. Huo ni ubadilikaji wa mpito mmoja. Ubadilikaji wa jumla ni swali jingine: katika gesi mpya yote iliyoingia kiwandani, ni kiasi gani kimetoka kikiwa amonia?

Mkemia Fritz Haber alilielewa jambo hili mapema. Mtambo aliowaonyesha watu wa kampuni ya kemikali ya BASF mjini Karlsruhe, Ujerumani, Julai 1909 ulikuwa ukizungusha gesi: amonia inapoozwa inakuwa kimiminika na kutolewa, na gesi iliyobaki inarudi kwenye kichocheo. Kiwanda cha Oppau, kilichoanza 1913, kilijengwa juu ya mzunguko huohuo.

Sasa, kama kila kisichobadilika kinarudi, kwa nini tusipate asilimia 100? Kwa sababu gesi mpya haiji safi. Nitrojeni inatoka hewani, na hewa huja na agoni yake. Methani nayo hubaki kutoka hatua ya kutengeneza haidrojeni. Hizi ni gesi ajizi: haziathiriwi na kichocheo, na kwenye amonia ya kimiminika huyeyuka kidogo tu. Ni kama sufuria ya maji ya bahari unayoichemsha huku ukiongeza mengine: mvuke unaondoka, chumvi inabaki. Ndiyo maana sehemu ndogo ya gesi ya marejeo hutolewa nje ya mzunguko muda wote. Mkondo huo wa kutolea hauchagui. Agoni na methani zikitoka, haidrojeni na nitrojeni nazo zinatoka.

Tuchukue moli 100 za gesi mpya: 99 ni haidrojeni na nitrojeni kwa uwiano wa tatu kwa moja, 1 ni gesi ajizi. Tuseme tumekubali gesi ajizi zifike asilimia 10 ya gesi ya marejeo. Moli 1 iliyoingia lazima itoke, kwa hiyo tunatoa moli 10 za mchanganyiko, ambazo 9 ni gesi nzuri. Zilizobadilika ni 90 kati ya 99, karibu asilimia 91, nazo zinatupa moli 45 za amonia. Angalia vizuri: hesabu hii yote haijagusa asilimia 20.

Asilimia 20 inaingia tunapouliza ukubwa wa mzunguko. Ili moli 90 zibadilike, kinu lazima kipokee moli 450 za gesi nzuri, na marejeo yanafika moli 390. Kichocheo kikichoka na mpito mmoja ukashuka hadi asilimia 10, huku gesi ajizi zikibaki palepale, jumla bado ni asilimia 91, ila marejeo sasa ni moli 890. Anayelipia ni kompresa ya kuzungusha gesi, na bili yake ya nishati.

Mwendeshaji atakayebana vali ya kutolea ili kuokoa haidrojeni ataona geji ikimwambia. Gesi ajizi zikiruhusiwa kufika asilimia 20, hesabu inaahidi asilimia 96, lakini zinachukua nafasi ya gesi nzuri, mmenyuko unalegea, joto linaloongezeka ndani ya kinu linapungua na shinikizo la mzunguko linapanda. Akifunga kabisa, zitaendelea kurundikana hadi kiwanda kisimame. Akifungua mno, gesi ajizi zikashuka hadi asilimia 5, anatoa moli 20 na jumla inaanguka hadi asilimia 81.

Hata hizo moli 9 si za kutupa tu. Viwanda vingi hupitisha mkondo wa kutolea kwenye utando unaochuja haidrojeni na kuirudisha, kisha masalia huchomwa kama kuni za tanuri la kutengenezea haidrojeni.

Kwa hiyo, ndugu, ile 20 yako iache hapohapo, ila iite ya mpito mmoja. Ukitaka kujua kinachopotea, uliza gesi mpya ina ajizi kiasi gani na ile inayotolewa ina kiasi gani.