Kibandiko cha Nyuma: Jinsi ya Kukitaja Kifaa Kilichovunjika Safarini Unapodai Fidia

Fomu za madai zinazoandikwa "TV 1, imepasuka" zinafika mezani kwangu mara kwa mara. Chini ya maneno hayo huwa kuna picha moja: kioo cheusi chenye nyufa kama utando wa buibui, na pembeni mguu wa kochi. Mwenye mali hasemi uongo, televisheni imevunjika kweli. Lakini kwa picha ile na maneno yale, mimi mkadiriaji hasara sijui nakadiria kifaa gani. Televisheni mbili za ukubwa mmoja, kutoka kiwanda kimoja, zinaweza kupishana bei sana. Sera ya bima ya mzigo inakurudishia thamani ya kile ulichopoteza, kwa hiyo swali la kwanza ni kile kitu kilikuwa nini hasa. Jibu lisipopatikana, mkadiriaji hukadiria kwa kifaa cha bei ya chini kabisa kinacholingana na kinachoonekana kwenye picha.

Nitaeleza kwa kesi moja niliyoishughulikia, ya mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam. Alinunua vitu vya nyumbani Dubai, vikaja kwa kago ya kuchanganya, yaani kontena moja lenye mizigo ya watu wengi. Hati ya shehena iliandikwa "katoni 14, vitu vya nyumbani", basi. Televisheni ilikuwa katoni namba 6. Alipoifungua sebuleni, kioo kilikuwa kimepasuka kuanzia kona ya chini kulia. Akapiga picha kwa mbele, akanitumia kwa WhatsApp, na kwenye fomu akaandika "Samsung inchi 55".

Inchi 55 aliijuaje? Aliambiwa na muuzaji. Mimi nilitaka kuiona mwenyewe, na picha yake ilinisaidia bila yeye kukusudia. Televisheni ilikuwa imesimamishwa sakafuni, na ukingo wake wa chini uligusa vigae. Nilimuuliza kigae kina upana gani, akapima: sentimita 40. Kifaa kilichukua vigae vitatu na kuzidi kama vidole viwili, yaani karibu sentimita 123. Ukubwa wa televisheni hupimwa kutoka kona hadi kona ya kioo, si upana. Kwa vioo vya umbo la kawaida la siku hizi, zidisha kipimo hicho cha kona kwa kona kwa 0.87 utapata upana wa kioo. Inchi 55 ni sentimita 139.7, kwa hiyo kioo chake kina upana wa takriban sentimita 122. Ongeza fremu nyembamba ya pembeni, unaifikia ile 123. Ya inchi 50 ina kioo cha sentimita 111 hivi, isingefikisha hata vigae vitatu. Kwa hiyo inchi 55 ilikubalika.

Usitegemee bahati ya vigae lakini. Bandika karatasi ya A4 juu ya kioo chenyewe kwa utepe wa gundi, kisha piga picha ukiwa umesimama mbele kabisa. Urefu wa karatasi hiyo ni sentimita 29.7 popote duniani. Kioo cha inchi 55 kitakuwa na upana wa karatasi nne na kidogo, cha inchi 43 karatasi tatu na kidogo. Karatasi ikiwekwa mezani mbele ya televisheni haifai, kwa sababu kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa kuliko kilivyo.

Ukubwa peke yake haumalizi kazi. Kilichobaki ni modeli, na hiyo haisomeki mbele ya kifaa. Nembo ya Samsung iliyo mbele inakwambia kiwanda tu. Nilimwomba mama ageuze televisheni, apige picha kibandiko cha nyuma.

Kibandiko hicho ndicho cheti cha kuzaliwa cha kifaa. Kwenye televisheni huwa nyuma, upande mmoja wa chini. Kwenye friji, fungua mlango utazame ukuta wa ndani, mara nyingi wa kushoto, karibu na droo ya mboga. Mashine ya kufulia huwa nacho kwenye ukingo wa mlango au mgongoni, na kompyuta mpakato huwa nacho tumboni. Simu ni rahisi zaidi ikiwa bado inawaka: bonyeza `*#06#` na tarakimu 15 za IMEI zitatokea, ambazo 8 za mwanzo hutambulisha aina ya simu. Isipowaka, tafuta namba hiyo kwenye boksi lake, na kwenye baadhi ya simu imechapwa pia kwenye kitrei cha laini.

Kibandiko kina namba mbili ambazo watu huzichanganya. Namba ya modeli inataja aina, na maelfu ya televisheni huwa nayo ile ile. Namba ya seri ni ya kifaa kimoja tu. Mafundi wetu wengi huitamka "siri namba", na jina hilo limenipa kazi. Mteja mmoja alinitumia picha safi kabisa ya kibandiko huku ameifunika namba hiyo kwa kidole gumba, akidhani ni ya siri kama ya kadi ya benki! Modeli inaniambia thamani, seri inaniambia kwamba kilichovunjika ndicho kilichosafiri. Nahitaji zote mbili.

Picha ya kwanza ya kibandiko cha mama wa Tabata haikusomeka, ilikuwa na mng'ao wa taa katikati. Zima mwanga wa kamera, angaza kwa tochi ya simu nyingine kutoka pembeni, halafu usogee mpaka kibandiko kijaze picha. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti, si kama picha ya kawaida. Picha ya kawaida hubanwa, herufi ndogo huvurugika, na taarifa za ndani za faili, kama saa na tarehe ya kupigwa, hupotea. Herufi zilizovurugika ndizo zinazozaa makosa ya kunakili: B inasomwa 8, 0 inasomwa O, 5 inageuka S. Usinakili kwa kubahatisha. Herufi isiyosomeka weka alama ya kuuliza mahali pake, ukaguzi utaijaza.

Picha ya pili ilikuja safi. Modeli ilianza na UA55AU7000, kisha ikafuatiwa na herufi za mwisho. Ukijua kuisoma, namba hii inazungumza. U inasimama kwa aina ya televisheni. A inayofuata ni kanda ya soko, kwetu Afrika na Asia. Za Ulaya huanza UE na za Amerika Kaskazini UN. 55 ni inchi, na hapo hesabu ya vigae ikathibitika. AU ni toleo la mwaka 2021 (BU ni la 2022, CU la 2023), na 7000 ni daraja la kifaa ndani ya toleo hilo. Kila kiwanda kina lugha yake. LG huanza na inchi, na kwenye televisheni zake za UHD herufi mbili zinazofuata huonyesha mwaka: UP ni 2021, UQ ni 2022. Herufi za mwisho kabisa watu huziacha kwa sababu zinaonekana hazina maana. Zinakili, kwa sababu mara nyingi hutaja nchi au soko ambalo kifaa kilitengenezewa, na bei hufuata soko.

Sasa tatizo. Nilipoilinganisha na ankara ya muuzaji wa Dubai, ankara ilisema AU8000. Mwaka ule ule, inchi zile zile, ila daraja la juu zaidi, na kwa mbele mtu wa kawaida hawezi kuzitofautisha.

Tofauti ya namna hii ina maelezo mawili, na katoni ndiyo inayoamua. Katoni nayo ina kibandiko ubavuni chenye modeli na seri, ndiyo maana nasisitiza isitupwe wala isichanwe. Kama katoni ingesema AU8000 na televisheni iliyomo AU7000, ningeshuku kwamba kifaa kilibadilishwa njiani au ghalani, na hilo ni dai la aina nyingine kabisa, la upotevu. Katoni ya mama ilisema AU7000, na seri yake ililingana na ya nyuma ya televisheni tarakimu kwa tarakimu. Maana yake mzigo ulitoka dukani ukiwa AU7000. Ankara ndiyo iliyokosea, au ilikosewa makusudi.

Ndipo tukaandika upya mstari wa fomu. Sikumwachia aandike "Samsung AU8000" kwa kuwa tu ankara inasema hivyo. Kuandika kifaa cha daraja la juu huku kibandiko kinakukanusha kunaweza kuliangusha dai zima kwa kosa la maelezo ya uongo. Mstari ulisomeka hivi:

"Televisheni 1, Samsung, inchi 55, modeli UA55AU7000 pamoja na herufi za mwisho na namba ya seri kama zinavyosomeka picha ya 3 (kibandiko cha nyuma) na picha ya 4 (kibandiko cha katoni). Katoni namba 6 kati ya 14. Kioo kimepasuka kuanzia kona ya chini kulia, picha ya 1. Kona hiyo hiyo ya katoni imebonyea, picha ya 5. Ankara inataja AU8000. Tofauti imeelezwa kwenye barua."

Angalia kwamba kila jina limeegemea picha yenye namba, na kwamba jina la kifaa limetengana na maelezo ya ubovu. Kama kibandiko kingekuwa kimechanika, tungeandika "Samsung, inchi 55 kwa kipimo, modeli haijathibitishwa". Dai lingeendelea, ila kwa thamani ya chini.

Haya yote yasikucheleweshe kutoa taarifa. Kwa mizigo ya baharini, kanuni za Hague zinataka msafirishaji aarifiwe kwa maandishi mzigo unapokabidhiwa, au ndani ya siku 3 ikiwa ubovu hauonekani kwa nje. Ukichelewa dai halifi, ila mzigo unahesabiwa ulifika salama na wewe ndiye unabaki na mzigo wa kuthibitisha kinyume. Kwa mizigo ya ndege, Mkataba wa Montreal unatoa siku 14 tangu kupokea, na huko kuchelewa kunaua dai dhidi ya shirika la ndege. Mama alitoa taarifa siku ya pili akiwa na maneno "televisheni, katoni namba 6, kioo kimepasuka" na picha moja. Ilitosha kulinda haki yake. Modeli ilifuata baada ya wiki moja.

Alilipwa thamani ya AU7000, kwa sababu bima hailipi kifaa ambacho hakikupanda meli. Tofauti ya bei na AU8000 ilikuwa kati yake na muuzaji, na picha ya 3, ya 4 na ankara alizituma huko huko Dubai.