Pengo la bei ya bitcoin: nani hulilipa, na kwa nini huacha

"Mbona bitcoin ya mkataba wa Juni inauzwa ghali kuliko ya leo? Na hilo pengo likiporomoka, wanajuaje kwamba watu wamepoteza hamu?"

Mkataba wa Juni ni makubaliano ya leo juu ya bei ya bitcoin itakayolipwa Juni, na pengo ni tofauti kati ya bei hiyo na bei ya leo. Hamu hiyo ina bei, na bei yake ndiyo pengo lenyewe. Anayenunua mkataba wa Juni hatoi pesa ya bitcoin nzima. Anaweka dhamana, tuseme sehemu moja ya kumi, na bei ikipanda anavuna kama mwenye bitcoin kamili. Sehemu tisa zilizobaki ni kama amekopa, ingawa hakuna fomu aliyojaza wala mdhamini aliyemleta. Kile anachokubali kulipa juu ya bei ya leo ni riba ya mkopo huo.

Kwa mahindi mambo yana mikunjo zaidi. Gunia la kuuza sokoni Kibaigwa miezi kadhaa baada ya mavuno linabeba gharama ya ghala, dawa ya dumuzi na pesa iliyolala. Bitcoin hailiwi na dumuzi. Inabaki pesa iliyolala tu, kwa hiyo ungetegemea pengo lilingane na riba ya kawaida ya dola. Pale linapopita riba hiyo kwa mbali, kuna watu wana hamu kubwa ya kukopa ili wanunue zaidi ya uwezo wao.

Katikati ya Aprili 2021 hamu hiyo ilivuka mipaka. Tarehe 14 Coinbase, soko la kununua na kuuza bitcoin, liliorodheshwa kwenye soko la hisa la Nasdaq, na siku hiyohiyo bitcoin ikapita dola 64,000. Riba ya benki kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri. Tufanye hesabu kwa namba za mviringo, zinazokaribiana na hali ya siku zile: bitcoin ya papo hapo, yaani ya kununua leo, dola 63,000, na mkataba unaoisha tarehe 25 Juni dola 68,000. Pengo ni dola 5,000, yaani karibu asilimia 8 ya bei ya leo. Lakini asilimia 8 hiyo ni ya siku 72 tu. Igawe kwa 72, zidisha kwa 365, unapata kama asilimia 40 kwa mwaka.

Sasa jiweke upande wa pili. Unanunua bitcoin moja kwa 63,000 na papo hapo unauza mkataba mmoja wa Juni kwa 68,000. Mkataba unapofika mwisho hulipwa kwa bei ya papo hapo ya siku hiyo, kwa hiyo bei mbili lazima zikutane. Tuseme siku ya mwisho bitcoin imeshuka hadi 34,000. Bitcoin yako imekula hasara ya 29,000, mkataba uliouza umekuletea 34,000, na mkononi zinabaki 5,000. Ikipanda hadi 90,000 jibu ni lilelile. Hukubahatisha bei. Umekodisha pesa.

Basi kwa nini wenye pesa hawakukimbilia hapo mpaka pengo likafunga? Wengi walikimbilia, ila biashara hii si laini inavyoonekana kwenye karatasi. Bei ikipanda ghafla, mkataba uliouza unadai dhamana zaidi sasa hivi, na bitcoin yako pengine iko kwenye soko jingine. Ukichelewa, soko linakufungia mkataba kwa nguvu na unabaki na mguu mmoja, bitcoin bila mkataba. Tena pesa yote imekaa mikononi mwa soko lenyewe: waliokuwa na salio kwenye soko la bitcoin la FTX lilipoomba kinga ya kufilisika tarehe 11 Novemba 2022 waliijua hatari hiyo bila kufundishwa. Sehemu ya asilimia 40 ile ilikuwa malipo ya hofu kama hizo. Sehemu kubwa, kwa maoni yangu, ilikuwa uroho wa wakopaji.

Turudi Aprili 2021. Wikiendi iliyofuata ile tarehe 14 bitcoin ilidondoka kutoka 60,000 hivi hadi karibu 52,000, na mikopo mingi ikafungwa kwa nguvu. Pigo kubwa lilikuja tarehe 19 Mei, bei ilipogusa dola 30,000 baada ya kuianza siku ikiwa juu ya 40,000. Hapa ndipo pengo linapoporomoka kwa mwendo wake wa kawaida. Aliyenunua mkataba kwa mkopo dhamana yake imekwisha, kwa hiyo mfumo wa soko unauza mkataba wake kwa bei yoyote iliyopo. Kinachouzwa ni mkataba, si bitcoin ya papo hapo, ndiyo maana mkataba huanguka haraka zaidi. Mauzo hayo yanasukuma bei chini na kumfikia mkopaji anayefuata. Siku ile mikataba ya Juni kwenye baadhi ya masoko ilishuka kwa muda chini ya bei ya papo hapo.

Wengi hukosea kuisoma saa ile. Pengo kuwa hasi katikati ya mporomoko halikuambii watu wanafikiri nini, kwa sababu anayeuza si mtu aliyeamua. Ni mashine inakusanya deni. Habari yenyewe iko kwenye wiki zinazofuata. Vumbi lilipotulia, bei zilikuwa zimeshuka karibu nusu, na mkopo wa kununulia ulikuwa wa bei poa. Kama hamu ingekuwepo, wakopaji wangerudi na pengo lingepanuka. Halikupanuka. Juni na sehemu kubwa ya Julai lilibaki jembamba, asilimia chache kwa mwaka, na bitcoin iliendelea kuzunguka kati ya 30,000 na 40,000, mara mbili tatu ikichungulia chini ya 30,000. Ni kama duka linalokopesha kwa riba ndogo na halipati mteja.

Kabla ya kusema hamu imekufa, toa kwanza riba ya kawaida. Pengo la asilimia 5 mwaka 2021, riba ya dola ikiwa karibu na sifuri, bado lilikuwa ishara ya hamu kiasi. Asilimia 5 hiyohiyo katikati ya 2024, dola ikilipa zaidi ya 5 kwenye hati fungani za muda mfupi za serikali ya Marekani, ilikuwa sifuri iliyovaa suti. Angalia pia siku zilizobaki: mkataba unaoisha kesho lazima uwe na pengo dogo, hata soko likiwa na wazimu. Linganisha mkataba wa miezi mitatu na wa miezi mitatu, kwa kiwango cha mwaka.

Na mara nyingine pengo hugeuka hasi bila mtu yeyote kukata tamaa. Kabla ya Ethereum, mtandao wa sarafu ya etha, kubadili mfumo wake wa kuthibitisha miamala tarehe 15 Septemba 2022, mikataba yake iliuzwa chini ya bei ya papo hapo. Watu walitarajia kwamba mwenye etha halisi angepewa pia sarafu mpya za tawi litakaloendelea na mfumo wa zamani, na mwenye mkataba hangepewa kitu. Wakanunua etha na kuuza mikataba ili wasubiri zawadi bila kujali bei. Sarafu za tawi zilipotoka, sababu hiyo ikaisha, na pengo likarudi kawaida lenyewe.