Usitoe, gawanya

Nikisoma tena “ukuaji halisi wa pato la taifa ni ukuaji wa kawaida ukitoa mfumuko wa bei”, nitavunja kalamu nyekundu. Hiyo ni njia ya kukisia, nayo hukaribia jibu pale tu viwango vyote viwili ni vidogo. Majedwali ya mtihani huwa na bei zinazoruka.

Tuchukue nchi yenye bidhaa mbili. Mwaka 2022, ambao ndio mwaka wa kizio, yaani ule ambao bei zake ndizo kipimo, iliuza pakiti 200 za unga kwa shilingi 150 na pea 20 za viatu kwa 1,000. Mwaka 2023 iliuza pakiti 210 kwa 200 na pea 24 kwa 1,100. (Viatu hivi vimeshonwa hapa nchini. Mitumba ya Gikomba ingeingia kwenye pato kwa faida ya mchuuzi tu.)

Pato kwa bei za sasa lilikuwa 50,000, kisha 68,400, yaani limepanda asilimia 36.8: huo ndio ukuaji wa kawaida. Pato halisi la 2023 ni idadi za 2023 kwa bei za 2022: 31,500 na 24,000, jumla 55,500. Ukuaji halisi basi ni asilimia 11. Difleta, yaani kipimo cha bei zilivyopanda tangu mwaka wa kizio, ni 68,400 ÷ 55,500 × 100, yaani 123.24: bei zimepanda asilimia 23.24.

Sasa mtoaji anatoa 23.24 kwenye 36.8 na kuandika 13.56. Zile pointi 2.56 zilizozidi zimetoka wapi? Ni 0.11 × 0.2324: idadi iliyoongezeka nayo imeuzwa kwa bei mpya, na sehemu hiyo haiondoki kwa kutoa. Gawanya 1.368 kwa 1.2324 upate 1.11. Na usikate difleta iwe 123 katikati ya hesabu, utaishia na asilimia 11.2 na kulia umeonewa.

Kuna na wale wa wastani: unga umekua asilimia 5, viatu 20, basi 12.5. La. Unga ulikuwa asilimia 60 ya pato la 2022, kwa hiyo ni 3 kujumlisha 8.

Ila kuna jambo ambalo vitabu hulipita kimyakimya. Ukitumia bei za 2023 kwa miaka yote miwili, pato la 2022 linakuwa 62,000 na ukuaji unashuka hadi asilimia 10.3. Unga ndio uliopanda bei zaidi na ndio uliokua polepole, kwa hiyo bei mpya zinaupa uzito mkubwa zaidi. Upi ndio ukuaji wa kweli? Sijui, na sidhani kuna jibu moja. Ndiyo maana takwimu za pato la Kenya zilihamishwa mwaka 2021 kutoka bei za 2009 hadi za 2016. Kwenye mtihani, tumia mwaka uliotajwa kwenye swali. Usipotajwa, andika wazi uliouchagua kabla ya kuanza hesabu.