Je, wajua? Mhalifu akiamriwa kulipa fidia, nani hasa hulipa?

Mtu akitiwa hatiani na mahakama ikamwamuru amlipe aliyemdhuru, hivi hizo pesa hulipwa kweli? Na kama hana kitu?

Mara nyingi huja kidogo kidogo, na nyingine haziji kabisa. Wengi wanaotiwa hatiani hawakuwa na kipato cha maana hata kabla ya kukamatwa, na aliyetoka gerezani hupata kazi kwa shida. Hilo halibadiliki kwa hukumu kali. Nchi zinatofautiana katika jambo jingine: mdaiwa akishindwa, nani abaki akisubiri, mwathiriwa au serikali?

Marekani iliamua kudai kila kitu. Kwa sheria ya 1996, jaji wa mahakama ya shirikisho, kwa makosa mengi ya ukatili, ya mali na ya utapeli, lazima aamuru hasara yote ilipwe bila kujali uwezo wa mkosaji. Wakaguzi wa bunge la nchi hiyo walipochunguza, walikuta kwamba mwishoni mwa mwaka wa fedha wa 2016 madeni hayo yalifikia dola bilioni 110. Kati ya hizo, bilioni 100 mawakili wa serikali wenyewe walikuwa wameshaziweka kwenye fungu la zisizokusanyika. Mwathiriwa ana hukumu mkononi, tena ya kiasi kamili, lakini hawezi kulipia matibabu kwa hukumu.

England na Wales walipita njia nyingine: mahakama hupima kwanza uwezo wa mkosaji. Chukua mfano wa mtu aliyepigwa ngumi akavunjwa jino na miwani, hasara yake yote pauni 1,200. Aliyempiga anaishi kwa posho ya serikali na anamudu pauni 5 kwa wiki. Deni hilo lingemchukua wiki 240, yaani zaidi ya miaka minne na nusu. Mahakama za huko kwa kawaida hutaka fidia imalizike ndani ya mwaka mmoja, na zikivuta sana, miaka mitatu. Kwa miaka mitatu pauni 5 za kila wiki hufika 780 tu, hivyo amri inaweza kuandikwa kwa kiasi hicho. Pauni 420 zinapotea kabla hata senti moja haijalipwa.

Hapa ndipo watu huumia mara ya pili. Aliyepigwa akisikia 780 hudhani hakimu amepima maumivu yake na kuyaona madogo, kumbe kilichopimwa ni mfuko wa aliyempiga. Asipofafanuliwa hilo siku ile ile mahakamani, anaondoka na kinyongo ambacho angeweza kuepushwa.

Uholanzi ndiko ninakoona wamelielewa tatizo vizuri zaidi. Tangu 2011, hukumu ikishakuwa ya mwisho na miezi minane ikapita mkosaji hajamaliza kulipa, serikali humlipa mwathiriwa salio kisha inabaki inamdai mkosaji. Kwa makosa ya ukatili na ya kingono hulipa salio lote. Makosa mengine yaliongezwa baadaye, kwa kikomo cha euro 5,000. Mkosaji hasamehewi. Shirika la serikali la kukusanya madeni humpangia awamu, hukamata mali, na anayekaidi ilhali anazo anaweza kuwekwa kizuizini bila deni kufutika. Tofauti ni kwamba anayesubiri ni taasisi yenye makarani na muda wa kutosha. Mwathiriwa hana tena sababu ya kuangalia akaunti kila mwezi kama aliyemdhuru amekumbuka kulipa.

Mpango huo una mpaka wake: lazima mtu awe ametiwa hatiani. Mshambuliaji asipojulikana, akifa au akitoroka, hakuna amri ya mahakama ya kukazia. Kwa hali hizo kuna mifuko ya fidia ya serikali. New Zealand ilikuwa ya kwanza kuipitishia sheria, 1963, na Uingereza ikaanzisha mfuko wake mwaka uliofuata. Mifuko hii haihitaji hukumu, ila kwa kawaida hulenga majeraha ya mwili na akili, si simu iliyoibwa. Wa Uingereza hauangalii majeraha yaliyo chini ya kiwango cha pauni 1,000, huhitaji tukio liwe limeripotiwa polisi mapema, na kwa kawaida maombi yafike ndani ya miaka miwili. Ukilipwa na mfuko, kisha mkosaji naye akalipa kwa jeraha lile lile, hakuna kupokea mara mbili.

Kitu kinachowaangusha wengi hutokea mapema zaidi, kabla ya hukumu. Mahakama haiwezi kuamuru hasara isiyoijua. Risiti ya daktari wa meno, bei ya miwani na barua ya mwajiri kuhusu siku zisizolipwa zinapaswa kumfikia mwendesha mashtaka kabla mshtakiwa hajasomewa adhabu, kwa sababu kesi ikishafungwa, kudai kilichosahaulika huwa ni kuanza shauri jipya la madai kwa gharama zako mwenyewe, dhidi ya mtu yule yule asiye na kitu.